Kumbukumbu ya mradi: kukunjua maandishi ya kopo la soda

Kopo la majaribio ni lile la kawaida la mililita 330: kimo milimita 115, kipenyo 66. Kinachotafutwa ni orodha ya viambato na jedwali la sukari, ambako herufi kubwa zina kimo cha milimita 2 hivi. Picha zinapigwa kwa simu, kisha zinasomwa na programu ya Tesseract.

Hatua ya 1: picha moja, bila kunyoosha chochote

Maneno ya katikati yanasomeka, ya pembeni yanaharibika. Hapo kuna kasoro mbili, na ni lazima zitenganishwe, maana kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni mfinyo. Kopo likizidi kupinda kuelekea nyuma, herufi huonekana kwa ubavu. Ikiwa nyuzi 30 kutoka katikati inabaki na asilimia 87 ya upana wake, nyuzi 45 asilimia 71, nyuzi 60 nusu tu, ilhali kimo chake hakipungui. Mapengo nayo yanafinywa, kwa hiyo "r" na "n" zinashikana kuwa "m", na maneno mawili yanatoka kama moja.

Ya pili ni mstari kupinda. Mistari iliyo chini ya usawa wa lenzi inapinda kama tumbo la mtumbwi, iliyo juu yake inapinda kama upinde wa mvua. Kwa simu ya majaribio, umbali wa fokasi ni pikseli 3000, na lenzi iko milimita 300 kutoka mhimili wa kopo. Mstari ulio milimita 60 chini ya lenzi, ukiufuata kutoka katikati hadi nyuzi 60, unapanda pikseli 39. Herufi yenyewe ina kimo cha pikseli 22. Maana yake ncha ya mstari imepanda karibu herufi mbili, imeingia eneo la mstari wa juu yake. Ukiona matokeo yanachanganya nusu ya sentensi hii na nusu ya ile, tatizo ni hili, si mfinyo.

Nafuu kubwa inapatikana kabla ya kuandika programu yoyote. Inua kopo kwa vitabu hadi maandishi yawe usawa wa lenzi, wala usiinamishe simu. Maandishi yakiwa ndani ya milimita 25 juu au chini ya lenzi, ule mpindo wa 39 unashuka hadi 16. Kurudi nyuma hadi milimita 600 na kutumia lenzi ya kukuza mara mbili kunasaidia pia: hata kwa mstari wa milimita 60 mpindo unakuwa 18.

Hatua ya 2: kukunjua

Vipimo vinavyohitajika ni vitatu. Nusu kipenyo R kinapatikana kwa utepe wa fundi cherehani: mzingo ni milimita 207, gawanya kwa 6.283, unapata 33. Umbali wa fokasi f unapatikana kwa kupiga picha rula: milimita 100 za rula zikiwa mbali milimita 500 zilichukua pikseli 600, basi f ni 600 × 500 / 100. Umbali D haupimwi kwa rula, unasomwa kwenye picha yenyewe. Hesabu pikseli kutoka katikati ya kopo hadi ukingo wake, uziite w:

```
D = R * sqrt(1 + (f/w)**2)
```

Kwa w ya 332, D inatoka 300. Kisha:

```python
import cv2, numpy as np

def kunjua(img, cx, cy, f, D, R, z0, z1, nusu=25, k=12):
    a = np.radians(nusu)
    s = np.arange(-R*a, R*a, 1/k)
    z = np.arange(z0, z1, 1/k)
    s, z = np.meshgrid(s, z)
    Z = D - R*np.cos(s/R)
    mx = (cx + f*R*np.sin(s/R)/Z).astype(np.float32)
    my = (cy + f*z/Z).astype(np.float32)
    return cv2.remap(img, mx, my, cv2.INTER_CUBIC)
```

Hapo `cx` ni katikati ya kopo na `cy` ni usawa wa lenzi, vyote kwa pikseli za picha, `k` ni pikseli kwa milimita, `z` inahesabiwa kutoka usawa wa lenzi kwenda chini, kuanzia `z0` hadi `z1`, na `nusu` ni nyuzi za kila upande. Mistari iliyo chini ya lenzi ikibaki na umbo la mtumbwi, D uliyoweka ni kubwa mno. Ikipinduka kinyume, ni ndogo mno. Kingo mbili za kopo zisipokuwa sambamba kwenye picha, simu imeinama, na hesabu hii haitafaa mpaka uinyooshe.

Kukunjua hakurudishi kilichopotea. Herufi ya nyuzi 60 ilinaswa kwa nusu ya pikseli zake, na kuitanua kunaleta ukungu tu. Ndiyo sababu `nusu` imewekwa 25, si 60.

Hatua ya 3: mng'ao

Hili ndilo lililokula muda mwingi. Kwenye kopo mng'ao hauwi doa. Unakuwa mchirizi wima. Mchirizi unakaa katikati ya pembe kati ya kamera na taa: dirisha lililo nyuzi 60 kando linaweka mchirizi nyuzi 30, lililo nyuzi 90 linauweka 45. Taa za ubavuni kwa hiyo zinakuhangaisha: ukizivuta mbele zinapaka mchirizi juu ya maneno, ukizirudisha nyuma uso wa kopo unakuwa giza.

Dawa ni taa ya juu. Ubavu wa kopo umesimama wima, kwa hiyo mwanga ushukao kwa mteremko unaakisiwa kuendelea kushuka, na hauifikii lenzi. Taa ikiwa milimita 500 juu ya usawa wa lenzi na milimita 300 mbele ya kopo, kamera ikiwa milimita 267 kutoka uso wa kopo, mng'ao ungetokea milimita 235 juu ya usawa wa lenzi. Kopo halifiki huko. Funga pazia, maana dirisha linaanzia chini hadi juu, na shati jeupe la mpiga picha nalo huakisiwa. Bega la kopo na la chupa litang'aa tu, kwa kuwa limeinama.

Punguza mwanga wa picha kwa hatua moja (-1). Pikseli ikishafika 255 kwenye rangi zote tatu, hakuna kichujio cha kuirudishia herufi.

Polaraiza mbili, moja kwenye taa na nyingine kwenye lenzi zikiwa zimepishana nyuzi 90, zinaua mng'ao hata wa chuma. Ila alumini isiyopakwa wino inageuka nyeusi, na maandishi meusi juu yake yanatoweka. Kwa chupa za plastiki angavu zinaleta rangi za upinde wa mvua ndani ya plastiki. Zifae kwa lebo za karatasi na plastiki isiyopenyeza mwanga.

Hatua ya 4: kuzungusha

Ukizungusha kopo, mchirizi haubanduki mahali pake; maneno ndiyo yanayopita chini yake. Utepe umezungushwa ubavuni mwa kopo, juu kidogo ya kitako, alama kila milimita 17 na robo, yaani nyuzi 30, jumla picha 12. Kila picha inatoa kipande cha nyuzi 50, hivyo vipande jirani vinashirikiana nyuzi 20, milimita 11 na nusu. Kwa `k=12` kila hatua ni kusogea pikseli 207, na vipande vinaunganishwa kabla ya kusomwa:

```
tesseract lebo.png matokeo -l swa+eng --psm 6
```

Penye mwingiliano, chukua pikseli yenye giza zaidi. Hilo linaondoa mng'ao kwa maandishi meusi juu ya rangi nyepesi. Kwa maandishi meupe juu ya rangi nzito linakula herufi, basi hapo chagua kipande kisicho na pikseli za 255.

Kinachobaki kusumbua ni nukta ya desimali: 10.6 inasomwa 106. Jedwali lenyewe linasaidia kuikamata. Sukari kwa mililita 100 ikizidishwa kwa 3.3 lazima ilingane na ile ya kopo zima: 10.6 inatoa 35, na 35 imeandikwa safu ya pili. Zisipolingana, kipande kile kinapigwa picha upya.