Kumbukumbu ya mradi: kanga ya Mwanahawa katika fremu 31

Wiki ya 1

Katuni ninayoitengeneza ina kurasa 8 na fremu 38, na katika fremu 31 kati ya hizo yumo Mwanahawa, fundi wa redio ambaye habadili nguo tangu asubuhi hadi usiku, kwa kuwa hadithi nzima ni ya siku moja. Nimemvika gauni la samawati lenye mikono mirefu, mtandio mweupe, kanga nyekundu yenye pindo jeusi iliyofungwa kiunoni, fundo likiwa upande wa kushoto, na mkoba wa ukili begani kulia. Katika fremu ambazo mtu amechorwa mdogo, msomaji hana uso wa kumtambulia. Anamjua kwa nguo tu, na kanga ikigeuka sketi atadhani ameingia mtu mwingine.

Picha nazizalisha nyumbani kwa Stable Diffusion XL, modeli ya kompyuta inayochora picha kutokana na maneno unayoiandikia, katika kompyuta yenye kadi ya michoro ya gigabaiti 12. Jaribio la kwanza lilikuwa la kivivu: nilirudia maneno yale yale ya mavazi katika kila fremu na kuishikilia ile namba inayoitwa `seed`, nikitumaini kwamba namba moja ingenipa mtu mmoja. Namba hiyo hupanga tu chengachenga za mwanzo ambazo picha huchipuka kutoka kwazo. Mara nilipobadili neno moja, kutoka kuketi hadi kukimbia, picha nzima ilifuata njia nyingine, na nguo zikafuata nayo. Katika picha 12, kanga ilikuwa sketi mara 5 na aproni mara 3, na mara mbili wekundu wake ulipanda hadi kwenye mtandio, kasoro inayowapata sana wanaotaja rangi tatu katika sentensi moja.

Wiki ya 2

Nimeamua kuifundisha modeli nguo hizi kwa LoRA, yaani faili dogo linaloongezwa juu ya modeli kubwa bila kuibadilisha yenyewe. Dada yangu alikubali kuvaa mavazi hayo na kupigwa picha darini, kwenye kivuli, kutoka mbele, ubavuni na mgongoni, akiwa amesimama, ameketi, ameinama na anatembea. Nilichagua picha 22, nikazipitisha katika modeli ili zigeuke michoro ya wino, kisha nikasahihisha kwa mkono kila mahali fundo au pindo lilipopotea. Kazi hiyo ilinila jioni nne, lakini niliona wazi kwamba kosa moja likibaki katika picha za mafunzo, modeli italishika kama sehemu ya vazi.

Kila picha huambatana na faili la maelezo, nami nikaandika kwa bidii kila nilichokiona, nguo zikiwa za kwanza:

```
mwnhw woman, light blue dress, white headscarf, red kanga tied at waist, standing
```

Matokeo yalinishangaza. Nilipoandika `mwnhw` peke yake, alitokea mwanamke mwenye sura inayokaribia, akiwa amevaa chochote. Sababu ni kwamba kile kinachotajwa katika maelezo modeli hukihusisha na maneno yaliyokitaja, na kile kisichotajwa, ilhali kimo katika kila picha, hakina pa kwenda ila kwenye neno la kumwitia mhusika. Kwa kuzitaja nguo nilikuwa nikizivua. Maelezo ya mara ya pili yalitaja tu vitu vinavyobadilika:

```
mwnhw woman, seen from behind, walking, market street, morning light
```

Wiki ya 3

Nilifundisha kwa mizunguko 8, kila picha ikirudiwa mara 10 katika mzunguko mmoja, ambazo ni hatua 1,760 kwa jumla. Gauni, mtandio na kanga vilitulia, ila fundo likawa linaruka kutoka kushoto kwenda kulia, na mkoba ukilifuata kinyumenyume. Nilipoteza siku mbili nikilaumu picha za dada, hadi nilipofungua mipangilio na kukuta nimewasha `flip_aug`, ambayo huzigeuza picha kama kwenye kioo ili zionekane nyingi zaidi. Kwa mtu mwenye fundo upande mmoja, kila picha iliyogeuzwa ni somo la uongo. Niliizima na kuanza upya.

Mafunzo mapya yalifaulu, ingawa si kwa faili la mwisho. Nilihifadhi faili kila baada ya mzunguko, nikazijaribu zote kwa maelekezo sita yale yale, picha zikipangwa kwenye karatasi moja ili nihesabu alama nne: mtandio, fundo, pindo na mkoba. Faili la mzunguko wa 8 lilipata alama zote, lakini Mwanahawa aligoma kukimbia; mikono ilibaki ubavuni kama alivyosimama dada darini, na nyuma yake palitokea ukuta wa dari hata nilipoomba soko. Hiyo ndiyo dalili ya kukariri. Faili la mzunguko wa 6 lilikosa mkoba katika picha moja tu na liliniachia mikao, basi nikalichagua hilo.

Wiki ya 4

Ukurasa wa 6 umenirudisha darasani. Hapo mvua inanyesha na Mwanahawa anaifungua kanga yake kumfunika mtoto wa jirani, na modeli niliyoifunza kwamba kanga ni sehemu ya mwili wake haikubali kuiondoa kiunoni. Inachora kanga ya pili juu ya mtoto na kuiacha ya kwanza pale pale. Dada alivaa tena, mara hii bila kanga, tukapata picha 6 zaidi. Katika maelezo ya zile 22 nikaongeza maneno `red kanga at waist`, na katika hizi 6 sikuyaweka, huku gauni na mtandio vikiendelea kutotajwa popote. Sasa kanga huja ikiitwa na hukaa kando isipoitwa. Gharama yake ni kwamba lazima niitaje katika kila fremu ya kawaida, na nimeshasahau mara mbili.

Jambo ambalo nimeacha kulipigania ni nakshi. Nilitaka mji wa kanga uwe na mikorosho na jina lisomeke, lakini modeli hii huichora picha ya nukta 1,024 kwa upana katika gridi ya vyumba 128 tu, kila chumba kikibeba nukta 8, kisha huipanua. Katika fremu ambayo kanga ina upana wa nukta 100, korosho moja haifikii hata nusu ya chumba, hivyo kila mara huzuka madoa mapya, na herufi za jina huwa mikwaruzo. Kwa hiyo katika mafunzo kanga ni nyekundu tupu yenye pindo jeusi. Mikorosho naipaka mwenyewe katika programu ya kuchorea ya Krita kwenye fremu 7 za karibu, nikiukunja mchoro mmoja wa nakshi ufuate mikunjo ya kitambaa, na jina, «Mgeni njoo mwenyeji apone», naliandika kwa mkono. Za mbali zinabaki bila nakshi.

Hadi leo fremu 26 kati ya 31 zimekamilika. Tano zilizobaki ni zile za mvua, kwa sababu kanga iliyolowa hushikamana na gauni na modeli huigeuza tena kuwa sketi; kesho dada atamwagiwa ndoo mbili za maji.