Jiko la shangazi

"Kwa hiyo la kwangu ndilo linalorudi dukani?"

Ni maneno ya shangazi hayo. Aliyasema Jumanne jioni kwenye simu, kwa sauti yake ya kawaida tu, na hadi leo hayajaniachia. Niko kaunta nahesabu vidonge vya mgonjwa, yanakuja. Nimelala, yanakuja. Wiki hii wakaguzi wamepita dukani kwetu, maji yamekatika mtaa mzima na mume wangu amepata barua ya kuhamia ofisi ya Kibaha, lakini mimi nimebaki na sentensi hiyo moja.

Mliokuwepo kwenye sendofu yangu mnalikumbuka jiko lenyewe. MC alipouita ukoo wa baba ulete zawadi, shangazi alitangulia akicheza, na nyuma yake vijana wawili wamebeba boksi lililofungwa utepe wa dhahabu. Akaomba kipaza sauti, akasema mwanangu hatapuliza mkaa kwenye nyumba yake. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Jiko la gesi la plati nne, oveni chini, 620,000 taslimu. Shangazi anauza mchele Morogoro. Hela ile ni ya mgao wa kikoba, na alianza kuitenga tangu siku niliyovishwa pete.

Tatizo ni kwamba wiki moja kabla, kwenye kicheni pati, kina mama wa kamati walikuwa wameshanipa jiko kama hilohilo. Wao waligawana vitu kwenye kundi lao la wasapu: huyu masufuria, yule hotipoti, wengine wachangie jiko. Shangazi hakuwemo kwenye kundi lile, na zawadi yake aliifanya siri ili iwe ya kushtukiza. Hakuna wa kumlaumu hapo.

Tumepita ubavu ubavu sebuleni tangu tuhamie, boksi limekaa kati ya kochi na mlango. Mama mkwe akasema liwekeni stoo, litafaa baadaye. Lakini waranti ya mwaka mmoja inahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye risiti, si tangu siku unayoliwasha, kwa hiyo ningekuwa nalitunza huku muda wake wa kutengenezwa bure unaisha. Rafiki yangu akasema lipige picha, litangaze, liuze. Hilo nililikataa palepale. Tangazo la kuuza jiko jipya likizunguka kwenye makundi halichukui siku mbili kumfikia binamu, na shangazi angejua kutoka kwa mtu mwingine kwamba zawadi yake nimeifanya bidhaa. Hapo hata ningeeleza vipi asingenisikia.

Kwa hiyo ilibaki kubadilisha dukani, na swali likawa jiko lipi. Hapa ndipo nilipofikiri sana kabla ya kupiga simu. La kamati lilishafunguliwa siku ileile ya sherehe. Kina mama walilitoa kwenye boksi, wakaliweka katikati ya ukumbi na kulipamba, wakabandua hata ile nailoni ya juu ya kioo. Hakuna mwenye duka anayelipokea jiko la namna hiyo akalirudisha kwenye safu ya vitu vipya. Tena ni la watu wengi. Ningeomba ruhusa kwa nani? Nikimwambia mwenyekiti peke yake, waliobaki watasikia vipande vipande, kila mmoja na tafsiri yake. La shangazi lilikuwa na mikanda yake ya plastiki ya kiwandani, halijaguswa, na ndani ya bahasha ya kadi alikuwa ameweka risiti ya EFD na kadi ya waranti yenye muhuri wa duka. Na mwenye ruhusa ni mmoja, nina namba yake, na ananipenda.

Nilipiga picha ile risiti kabla ya lolote. Mimi nashinda na risiti hizi, najua karatasi yake ikikaa juani au karibu na moto maandishi yanafifia, na bila tarehe na namba zinazosomeka huna cha kumwonyesha muuzaji. Kisha nikampigia. Sikutaka kuandika ujumbe, maana ujumbe hausikiki sauti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mwenzio hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia sana. Shangazi, nina jambo nataka tushauriane mimi na wewe tu. Lile jiko lako sijalifungua. Kina mama wa kamati nao walinipa jiko, tena la kwao lilishafunguliwa palepale ukumbini. Nyumba yetu unaijua ilivyo. Nisingependa zawadi yako ikae stoo. Nikaona nikuombe, kama utaridhia, twende dukani tulibadilishe na kitu kingine utakachochagua wewe."

Kimya. Nikasikia mchele unapepetwa kwenye ungo, kisha ukaacha kupepetwa.

"Kwa hiyo la kwangu ndilo linalorudi dukani?"

Nikamweleza sababu ya boksi, sababu ya risiti, sababu ya ruhusa. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Haya mwanangu, nimekusikia. Ngoja nimalizie mchele wa watu." Simu ikakatika.

Nimeyapindua mazungumzo yale kila upande. Nilianza na kumwambia sijalifungua. Labda alisikia kwamba sijalipenda. Nilitaja jiko la kamati kabla ya kutaja lake. Labda alijiona amewekwa nyuma ya watu baki, yeye damu ya baba. Lakini ningeyapanga vinginevyo vipi? Ukweli ni uleule. Na kama ningenyamaza, siku anakuja kunitembelea angelikuta jiko la wengine jikoni na lake kwenye kona limefunikwa shuka. Nilikuwa na hakika kwamba kumwambia ni heshima, na hata sasa sijabadilisha hilo. Ila uchungu wake niliusikia, na hakika yangu haikuupunguza.

Alhamisi alfajiri simu ikalia. Shangazi yuko stendi ya Msamvu, anapanda basi.

Alifika na mfuko wa mchele kichwani kama kawaida yake, akakaa, akanywa chai, ndipo akasema lililokuwa moyoni. "Mimi si hela wala si jiko. Wenzangu wa kikoba nimewaambia nimempa mwanangu jiko. Wataniuliza jiko la mwanao linapikaje, nitawajibu nini? Kwamba limerudishwa?"

Nilijisikia mwepesi ghafla, kwa sababu hilo lilikuwa na dawa. Muda wote nilikuwa nawaza atapokeaje yeye, sikuwa nimewaza atawajibu nini wenzake. Nikamwambia, "Utawajibu kwamba ulikuja mwenyewe Dar, ukaona nyumba ya mwanao inakosa nini, ukaamua." Akaniangalia. "Inakosa nini?" Nikamwambia aangalie mwenyewe. Akazunguka jikoni, akafungua kabati, akarudi na jibu moja: friza. Niuze barafu na juisi pale dirishani, hela isitoke kwenye mshahara tu. Kumbe wazo lilikuwa limeshakaa kichwani mwake tangu stendi.

Tukakodi kirikuu mpaka Kariakoo. Ukutani dukani pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na najua wengi mkiona bango lile mnageuka. Msigeuke kabla ya kuuliza, ila muwe makini na mnachouliza. Sisi hatukusema "nirudishie hela". Risiti ya EFD ikishatoka, taarifa zake zimeshakwenda TRA, na mauzo yale hayafutwi kwa kuchana karatasi, kwa hiyo muuzaji akisikia hela anarudisha kichwa nyuma. Tena faida yake ameshaihesabu. Shangazi aliingia na sauti ya mteja. "Mwanangu, nilinunua kwako jiko. Nimekuja nataka friza, jiko hili hapa halijafunguliwa, tuone naongeza ngapi." Yule kijana akamkumbuka, maana bei walikuwa wameivutana karibu saa nzima.

Nilimtazama anavyokagua. Kwanza mikanda, kama ni ileile ya kiwandani au imefungwa upya. Kisha gundi ya boksi juu na chini. Kisha namba iliyobandikwa ubavuni mwa boksi akailinganisha na ile ya kwenye kadi ya waranti, tarakimu moja moja kwa kidole. Mwisho tarehe ya risiti. Akasema ungekuwa umepita mwezi, au mkanda mmoja ungekuwa umekatwa, angelihesabu kuwa limetumika na angelikata bei. Friza tuliyoichagua ilikuwa 700,000. Nikatoa 80,000 ya juu, ingawa shangazi alitaka kuitoa yeye na tulivutana mkono mbele ya watu. Nilimwomba aniachie sehemu hiyo ili zawadi ibaki yake na mimi nisimwongezee mzigo. Tukapewa risiti ya nyongeza na kadi mpya ya waranti, ikagongwa muhuri mbele yetu.

Nyumbani shangazi aliuchukua ule utepe wa dhahabu, akaufunga kwenye mlango wa friza, akasimama pembeni nimpige picha. Ikaenda kwa wenzake wa kikoba na kwenye kundi la ukoo kwa maneno aliyoyaandika mwenyewe: "Nimemfuata mwanangu Dar, nimempa friza ya biashara." Nami nikachukua lile daftari la zawadi, kwenye mstari wake nikaandika friza mbele ya jiko, maana siku ya mtoto wake kuoa nitalifungua tena kuangalia alinipa nini ili nami nijipime. Wa kamati sikuwaambia lolote, haliwahusu.

Usiku tulikula wali wa mchele wake, uliopikwa kwenye jiko la kamati. Akalisifu. "Linawaka vizuri," akasema, na sikusikia kitu kingine ndani ya sauti yake, ingawa nilitega sikio. Bado najiuliza kama siku ya Jumanne, baada ya simu kukatika, alilia. Sikumuuliza. Ijumaa nimempeleka stendi, akaniachia elfu kumi ya kuanzia mtaji.

Kitu kimoja alichokisema njiani ndicho kinachoninyima usingizi leo. Kwamba baba dawa zake za presha anazimeza siku kichwa kikimuuma tu, na asipoumwa anaziweka kwa sababu eti anazibana zisiishe. Mimi ndiye ninayemtumia zile dawa. Kila mwezi namhesabia vidonge thelathini, na nilikuwa nashangaa mbona siku hizi haniambii zimeisha. Presha haimsubiri mtu aumwe kichwa. Mama simu haipokei tangu saa mbili.