Siku nane bila muhtasari, na hakuna aliyegundua

Alhamisi moja, mwendo wa saa tatu asubuhi, mama mwenye kibanda cha chakula alifika duka letu la Gikomba akitaka marobota kumi na tano ya unga. Yalikuwapo manne. Mteja huyo amenunua kwetu kwa miaka, na alitazama rafu kana kwamba tumemdanganya. Akaenda kwingine. Bosi alinipigia simu kabla mteja hajafika mbali.

“Kijana, ile barua ya asubuhi haikusema unga unaisha?”

Nilifungua barua pepe nimwonyeshe kwamba ilisema. Muhtasari wa mwisho uliokuwamo ulikuwa wa Jumanne ya wiki iliyotangulia. Nikahesabu kwa vidole: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na hiyo Alhamisi yenyewe. Siku nane za kazi. Iliniuma sana, kwa sababu muhtasari huo niliutengeneza mimi na watu watatu walikuwa wakiutegemea kuagiza bidhaa.

Nieleze kwanza unavyofanya kazi. Tuna maduka matatu ya jumla Nairobi, na mauzo yote yanaingia kwenye seva moja ndogo iliyo ofisini nyuma ya duka la Gikomba. Kila siku isipokuwa Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, `cron` huamsha skripti inayosoma mauzo ya siku ya kazi iliyopita na kuandika ukurasa mmoja: jumla ya fedha taslimu, jumla ya M-Pesa, na orodha ya bidhaa zilizoshuka chini ya kiwango cha kuagiza. Kwa unga wa kilo 2 kiwango ni marobota 20. Ukurasa huo hutumwa kwa barua pepe kwa bosi, kwa mzee wa stoo na kwangu. Mzee wa stoo huagiza saa mbili.

Sasa, watu watatu wanapokeaje kitu kimoja, kisha kinakosekana siku nane bila hata mmoja kusema? Niliwauliza wote. Bosi alikuwa Machakos kwenye matanga, akaamini sisi tunausoma. Mzee wa stoo aliona haupo, akadhani bosi ameamua usitumwe akiwa safarini. Mimi nilikuwa nimeweka kichujio kinachoupeleka kwenye folda yake, kwa hiyo haukuwa mbele ya macho yangu hata siku ulipofika. Barua yenye kosa mtu huiona na kulalamika. Barua isiyofika haina mahali pa kuonekana, na kila mmoja huijazia sababu yake mwenyewe.

Chanzo nilikipata kwa dakika tano kwenye faili la kumbukumbu la `msmtp`, programu inayotuma barua kutoka kwenye seva. Kila asubuhi kulikuwa na mstari wenye `smtpstatus=535`. Hiyo ndiyo namba ambayo seva ya barua hutoa inapokataa jina au nywila. Jumanne hiyo jioni mhasibu alikuwa amebadilisha nywila ya akaunti ya ofisi, jambo jema kabisa, lakini huduma tunayotumia hufuta nywila zote zilizotolewa kwa programu, nywila kuu inapobadilishwa. Skripti ilikuwa bado inabisha na ufunguo wa zamani.

Lakini nywila haikunikosesha usingizi. Nilikosa usingizi kwa sababu nilikuwa nimeweka tahadhari, nayo haikulia. Kwenye `crontab`, faili la ratiba za `cron`, nilikuwa nimeandika `MAILTO` na anwani yangu, ili kazi ikitoa ujumbe wa kosa niletewe. `cron` ilijaribu kila siku. Ila kwenye seva yetu `cron` hutuma barua kupitia `msmtp` ileile, kwa akaunti ileile, kwa nywila ileile iliyokataliwa. Habari ya kukatika kwa daraja nilikuwa nimeipangia kupita juu ya daraja hilohilo.

Hapo ndipo nilipogeuza mpango. Badala ya kuiomba seva inijulishe inaposhindwa, niliitaka ipige hodi mahali pengine kila inapofanikiwa, na huko pengine wanijulishe hodi isiposikika. Mashine iliyozimika haiwezi kuleta taarifa yoyote, ila ukimya wake unaweza kusikika na mwingine anayesubiri nje. Ndiyo maana pia sikuweka ukaguzi huu kwenye seva yenyewe. Skripti ya pili inayotazama faili la kumbukumbu la `msmtp` ingegundua nywila mbovu, lakini stima ikikatika ingelala pamoja na ile ya kwanza.

Nilichagua Healthchecks.io, huduma inayofanya kazi hiyo moja tu. Unapewa anwani ya pekee, unaieleza ratiba, na hodi isipofika kwa wakati inakutumia ujumbe. Msimbo wake uko wazi, kwa hiyo anayetaka anaweza kuisimamisha kwenye mashine yake nyingine. Ujumbe wa tahadhari niliuelekeza Telegram kwenye simu yangu, kusudi usipite hata kidogo kwenye barua pepe ya ofisi.

Skripti yenyewe sasa iko hivi:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
cd /opt/muhtasari
python3 tengeneza.py > leo.txt
grep -q "^JUMLA:" leo.txt
msmtp -t < leo.txt
curl -fsS -m 10 --retry 5 -o /dev/null \
  https://hc-ping.com/KITAMBULISHO
```

Mpangilio wa mistari ndio ulinzi wenyewe. `set -e` husimamisha kila kitu mstari mmoja unaposhindwa, kwa hiyo `curl` ya mwisho, ambayo ndiyo hodi, haifikiwi mpaka yote ya juu yamefaulu. Zamani nilikuwa nimeunganisha `tengeneza.py` na `msmtp` kwa mstari mmoja wenye `|`. Bila `pipefail`, matokeo ya mstari kama huo ni ya programu ya mwisho tu: hesabu ikivunjika, barua tupu hutumwa na kila kitu huonekana salama. Mstari wa `grep` ni kwa ajili ya hatari ileile. Ukurasa usio na neno `JUMLA:` haujakamilika, na heri usitumwe, hodi isipigwe, nami niitwe.

Kwenye ratiba ya huduma niliandika `30 6 * * 1-6`, sawasawa na ile ya seva. Ningeweza kuiambia tu “mara moja kwa siku”, lakini ingelia kila Jumapili, na tahadhari inayolia bure kila wiki mtu huizima baada ya mwezi. Juu ya ratiba niliongeza dakika 45 za subira. Kazi yenyewe huchukua dakika mbili, ila ruta yetu hupotea hewani mara kwa mara asubuhi kisha ikarudi. Kwa dakika hizo 45 tahadhari inalia saa moja na robo, bado mapema kwa oda ya saa mbili.

Siku ya kwanza muhtasari ulifika vizuri kabisa, kisha saa nne na robo simu ikalia kwamba haukufika. Nilizunguka nusu saa kabla ya kuliona kosa. Nilikuwa nimeacha saa za huduma kwenye UTC. Nairobi iko saa tatu mbele, kwa hiyo kwa huduma hiyo 6:30 ilikuwa 9:30 yetu, yaani saa tatu na nusu. Hodi ya alfajiri iliihesabu kuwa ilitangulia ratiba, ikaendelea kusubiri nyingine ya saa tatu na nusu, ikaongeza dakika 45, ikapiga kelele. Nilibadilisha kuwa `Africa/Nairobi` na haikurudia.

Sikuiamini kabla ya kuivunja kwa makusudi. Asubuhi moja niliweka `#` mbele ya mstari wa `crontab`, na saa moja na robo Telegram ikalia. Asubuhi iliyofuata niliweka nywila ya uongo, ikalia tena. Ya tatu niliielekeza skripti kwenye hifadhidata tupu: ukurasa ukatoka bila `JUMLA:`, barua haikutumwa, ikalia. Kila jaribio niliusukuma muhtasari kwa mkono mara baada ya tahadhari, ili mzee wa stoo asikose.

Mtihani wa kweli ulikuja wiki tatu baadaye. Stima ilipotea usiku Gikomba, ikarudi kabla ya alfajiri, seva isirudi nayo. Saa moja na robo nilikuwa ndani ya matatu kwenye Barabara ya Jogoo ujumbe ulipoingia. Nikampigia mzee wa stoo.

“Mzee shikamoo, naomba unitazamie lile boksi jeusi la ofisini. Taa inawaka?”

“Marahaba. Haiwaki, fundi.”

Aliiwasha seva. `cron` hairudii kazi iliyopitwa na wakati mashine ikiwa imezimwa, kwa hiyo niliingia kwa simu na kuiendesha skripti kwa mkono. Saa mbili kasorobo muhtasari ulikuwa kwake, na Telegram ikaniandikia kwamba hodi imesikika. Jioni hiyo niliingia kwenye mipangilio ya BIOS na kuiagiza mashine ijiwashe stima inaporudi.

Kuna pengo moja ambalo hodi haizibi. `msmtp` ikifaulu, maana yake ni kwamba seva ya barua imeupokea ukurasa. Kama umefika mbele ya macho ya mtu, haijui. Kwa hilo nilimwendea mzee wa stoo na daftari lake la oda. Tulichora safu moja ya ziada, na kila asubuhi kabla ya kuagiza anaandika humo ile namba iliyo kwenye mstari wa `JUMLA:`. Asipokuwa nayo haagizi, ananipigia.

Mwezi uliopita alinipigia saa moja na nusu. “Fundi, namba ya leo sina.” Nilitazama Telegram, ilikuwa kimya. Huduma ilionyesha kwamba hodi ilipigwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na mbili. Nikamwelekeza afungue folda ya barua taka kwenye simu yake, na muhtasari ulikuwa humo, mzima, na kwenye orodha yake unga umebaki marobota 17. Aliandika namba kwenye safu, kisha akaagiza unga.