Binti asiyeitaka Nge

Leo mchana alikuja binti mmoja wa Ngamiani, fundi cherehani. Hata chai sijammiminia akasema, "Shangazi, hii nyota ya Nge siitaki. Watu wakisikia tu, basi mimi mwenye wivu na kinyongo." Kazaliwa mwanzoni mwa Novemba, kwa hiyo Jua lake limo kwenye Nge, hapo hapana ubishi. Akauliza kama akibadilisha jina nyota nayo itabadilika. Nikamwambia hiyo ni hesabu nyingine, ya kujumlisha herufi za jina lake na la mama yake na kugawa kwa 12. Jua la siku aliyozaliwa haliangalii jina.

Nikamwomba ramani yote ya nyota za saa aliyozaliwa. Kwenye simu ilionyesha Ndoo ndiyo iliyokuwa ikichomoza, Jua liko juu kabisa, nyumba ya kumi, ya kazi na cheo. Sikuridhika, kwa sababu mama yake humwambia alizaliwa adhana ya magharibi ikiadhiniwa, mwezi mpevu ukitoka baharini. Nikatazama saa aliyojaza: 12:15. Kwetu ni saa kumi na mbili na robo jioni, lakini programu imesoma adhuhuri. Nalikuta kosa hili mara kwa mara huku pwani. Nyota moja huchukua kama saa mbili kuchomoza, kwa hiyo saa sita zikipotea, nyota tatu zimepotea nazo.

Tukajaza 18:15. Jua likashuka hadi linapozama, na mkabala wake, upande wa mashariki, ikachomoza Ng'ombe. Mwezi mpevu daima hukaa mkabala na Jua, basi nao umo humo humo kwenye Ng'ombe. Maneno ya mama yakaoana na ramani. Hata kama alikosea kwa nusu saa, Ng'ombe isingeondoka.

"Kwa hiyo mimi ni Ng'ombe, si Nge?"

"Wewe ni vyote viwili, mwanangu. Watu wanapokutana nawe mara ya kwanza wanaiona Ng'ombe: mtulivu, huharakishwi. Na moyo wako, ambao ni Mwezi, unatafuta utulivu huo huo."

Akacheka, akakiri wateja humlalamikia kwamba hakimbizani na kazi.

"Na Nge iko wapi?"

Hapo sikutaka kumbembeleza. Jua lake sasa liko nyumba ya saba, ya ndoa na ubia. Kwa wageni Nge haionekani. Wanaoikuta ni mume na mshirika wa kazi. Akinyamaza kwa jambo lililomuuma, anaweza kulibeba muda mrefu. Na kwa kuwa Jua na Mwezi vinatazamana, upande mmoja unataka amani, mwingine unataka kuchimba hadi ukweli utoke.

Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama mchumba wake aliyezaliwa Mei ana nafuu yoyote. Nikamwambia aniletee saa yake ya kuzaliwa, na aulize vizuri kama ni ya mchana au ya usiku.