Nilivyopunguza tizi wiki tatu kabla ya Kili Marathoni, na miguu ikafika Mweka ikiwa mizima

Mwaka wa kwanza nilivyoenda kukimbia kilometa 42 Moshi nilifanya kosa ambalo naona wengi hapa Arusha wanalifanya mpaka leo. Jumapili moja kabla ya mbio nikatoka Njiro nikapiga kilometa 32 kwenye barabara ya Moshi, kwenda kuelekea Usa River na kurudi, nikiamini naongeza stamina. Wiki iliyofuata tumeanza vizuri tu, ile sehemu ya tambarare ya barabara ya Dar nikaimaliza freshi, ila kuanza kupanda Mweka mapaja yakagoma kabisa, nikatembea karibu mlima wote. Nilimaliza kwa masaa 4 na dakika 21.

Mzee mmoja anayetufundisha pale Sheikh Amri Abeid ndo akaniambia neno lililonibadilisha: "Dogo, tizi la wiki hii halikusaidii Jumapili hii, linakusaidia wiki mbili tatu mbele. Jumapili hii linakupa uchovu tu."

Yani mazoezi yanakupa vitu viwili kwa pamoja, nguvu na uchovu. Nguvu inakuja taratibu na inaondoka taratibu, uchovu unakuja haraka na ukipumzika unaondoka haraka. Kwahiyo ukikata mzigo mwishoni, uchovu unashuka huku nguvu bado ipo, na zile nyuzi za misuli zilizochanika chanika kwenye mbio ndefu zinapata muda wa kujiunga. Afu ile sukari ambayo misuli inaihifadhi kwa ajili ya kazi, ambayo ukiwa kwenye tizi kali kila siku unaitumia kabla haijajaa, inajaa.

Mwaka uliofuata kilele changu kilikua kilometa 80 kwa wiki. Mbio ndefu ya mwisho, kilometa 30, nikaifanya wiki tatu kabla. Kuanzia hapo wiki ya kwanza nikashuka mpaka 60, ya pili 42, na wiki ya mbio yenyewe 18 tu bila kuhesabu siku yenyewe. Jumapili nilizokua nakimbia ndefu nikafanya 20, halafu 13.

Ila spidi sikuigusa, na hapa ndo penye siri. Kila Jumanne uwanjani nilikua napiga kilometa moja moja mara 6 kwa kasi, sasa nikapiga mara 4, wiki inayofuata 3, kasi ileile. Siku za kukimbia pia nilibaki nazo 5, ya mwisho ndo zikawa 4, kila siku nakimbia kidogo tu. Mwenzangu tuliyekua tunafanya nae yeye aliona kupumzika ni kupumzika, akaacha kabisa siku 12, akafika Moshi miguu imelala na pumzi inakata mapema. Ukiacha kabisa, hata kiasi cha damu mwilini kinaanza kupungua ndani ya siku chache, na ile kasi ndo inaukumbusha mwili kwamba kazi bado ipo.

Kwakweli wiki ya pili ilinitesa kichwani. Miguu ikawa mizito kuliko nilipokua napiga 80, goti la kushoto likaanza kuuma wakati halijawahi kuuma, na mizani ikaonyesha nimeongezeka karibu kilo moja. Nilitaka kurudi barabarani nikajipime. Mzee akanielewesha kwamba ile sukari ikihifadhiwa kwenye misuli inakaa na maji, gramu moja inashika kama gramu tatu za maji, kwahiyo hiyo kilo ni akiba wala sio mafuta. Nilichokua naangalia badala ya mizani ni mapigo ya moyo asubuhi kabla sijatoka kitandani, yalishuka kutoka 58 mpaka 52, na ile Jumanne ya mwisho kasi ileile niliikimbia pumzi ikiwa imetulia. Goti lilinyamaza lenyewe Ijumaa. Lingekua linauma zaidi kila nikikimbia au limevimba ningeenda hospitali, maana jeraha la kweli haliponi kwa kukata kilometa tu.

Siku mbili za mwisho nikala wali, ndizi na viazi kwa wingi, maharage na mboga za majani nikapunguza ili tumbo lisinisumbue njiani.

Kwa anayekimbia kilometa 20 tu kwa wiki, wiki tatu ni nyingi mno, hana uchovu wa kiasi hicho wa kuuondoa. Huyo wiki moja inamtosha, na anayeenda kukimbia mbio za kilometa 21 siku kumi hivi.

Siku ya siku nikapanda Mweka yote nakimbia, polepole ila nakimbia, na kwenye kushuka mapaja yalikua bado yananishikilia, nikaingia uwanja wa Ushirika kwa masaa 3 na dakika 57.