Ile aya ya grafu ya sensa

Binti yangu juzi kaja na daftari, zoezi la kueleza grafu, kaandika "mstari umepanda", mwalimu kampa nusu maksi, ananiuliza baba sasa si umepanda kweli? Umepanda mwanangu. Ila akili yangu ikaruka moja kwa moja hadi kwa mama yetu wa takwimu, ile wiki baada ya matokeo ya sensa kutangazwa Dodoma Oktoba 31, 2022.

Ofisini tulitakiwa kutoa ukurasa mmoja, grafu juu, aya chini. Kijana mwenzetu alishaichora kwenye Excel, nukta sita za sensa zetu tangu Muungano: 1967 milioni 12.3, 1978 milioni 17.5, 1988 milioni 23.1, 2002 milioni 34.4, 2012 milioni 44.9 na 2022 milioni 61.7. Chini yake kaandika aya safi tu, na katikati kuna sentensi inasema baada ya 2002 ongezeko lilipoa kidogo, kisha likapaa. Ukitazama mchoro unakubali kabisa, kile kipande cha 1988 hadi 2002 kimesimama wima kuliko kinachofuata.

Mama akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi, akakaa kimya muda. Halafu akachukua kalamu ya risasi, hakugusa maneno, akaanza kuandika kwenye mhimili wa chini, katikati ya mwaka na mwaka: 11, 10, 14, 10, 10. Basi. Akamgeuzia kijana karatasi, "Mwanangu, hizi hatua mbona umezipanga sawa wakati miaka yenyewe haiko sawa?"

Nakumbuka kile chumba kilivyotulia, feni tu inazunguka. Ni kwamba ile grafu ya mstari ya Excel, miaka ikiingia kama majina tu, inaipanga kwa nafasi sawa, haijui kwamba kati ya 1988 na 2002 kuna miaka 14. Kwa hiyo milioni 11.3 za miaka 14 zimebanwa kwenye nafasi ileile ya milioni 10.5 za miaka 10, lazima mstari usimame. Mimi ndo nikapewa kikokotoo, nagawa namsomea: 11.3 kwa 14 ni kama laki nane kwa mwaka, 10.5 kwa 10 ni milioni moja na kidogo kwa mwaka. Yani pale aya inaposema limepoa, watu walikuwa wanaongezeka kwa wingi zaidi kila mwaka. Kijana akasema shikamoo mama, kwa sauti ya mtu aliyeelewa.

Tukaichora upya kwa grafu ya nukta zilizounganishwa, ile inayousoma mwaka kama namba, na mstari ukaonekana unazidi kusimama kipande kwa kipande. Aya mama akaiandika mwenyewe, mimi nikainakili na bado ninayo:

"Idadi ya watu imeongezeka katika kila sensa, kutoka milioni 12.3 mwaka 1967 hadi milioni 61.7 mwaka 2022, takriban mara tano. Mwanzoni mstari unapanda taratibu, karibu watu laki tano kwa mwaka hadi 1978. Kati ya 1988 na 2002 wastani unafika laki nane, na hadi 2012 unapita milioni moja. Mwinuko mkali kuliko wote ni wa mwisho: milioni 16.8 ndani ya miaka 10."

Ona anavyofanya, anaanza na picha nzima, mwanzo na mwisho, ndipo vipande, na kila neno la mwendo lina namba inayolishikilia. "Taratibu" ina laki tano zake, "mkali" una milioni 16.8 zake. Namba zote za sensa hakuzirudia, zipo kwenye mchoro.

Lakini kuna kitu hakijaniacha hadi leo. Jioni ile kijana alirudi na hesabu nyingine, ya asilimia. Wastani wa ukuaji kwa mwaka kati ya 1988 na 2002 ulikuwa asilimia 2.9, hadi 2012 ukashuka kuwa 2.7, kisha 3.2 mwaka 2022. Kwa hiyo kwa asilimia kweli lilipoa, ile sentensi yake ina pa kusimama, ila sio kwenye ule mstari, kwa sababu mstari wetu ulikuwa wa idadi ya watu na sio wa kasi ya ukuaji. Mama akasema basi asilimia zichorewe grafu yake na aya yake. Kijana akasema msomaji atachanganyikiwa akikuta moja inapanda na nyingine inashuka, kipindi hichohicho. Walibishana hadi gari la ofisi likaondoka. Mimi niko upande wa mama, japo hoja ya kijana sijapata namna ya kuijibu.