Daimondi yetu, wiki ya sita: namba mbili amejua saa ya kupanda

Jamani imekubali. Wiki ya sita tangu nianze kuwafundisha vijana wa mtaani kwetu 4-4-2 ya daimondi na jana ndo mara ya kwanza nimemwona namba mbili wetu, beki wa kulia, anapokea mpira akiwa kwenye mbio, sio kasimama kwenye laini anasubiri kukabwa. Ile klipu nimeirudia sijui mara ngapi, mpaka simu imeisha chaji.

Tulipokwama mnapajua. Viungo wetu, sita wa chini, nane wawili na kumi wa juu, wamejazana katikati, mastraika wawili juu, winga hakuna, kwahiyo pembeni kote ni mali ya namba mbili na namba tatu wa kushoto kuanzia kibendera cha kona yetu mpaka cha kwao. Hilo kila mtu analijua. Kilichoninyima usingizi ni LINI apande.

Wiki tatu za kwanza niliwaambia beki apande mpira ukishafika kwa kumi. Kumi anapokea, anageuka, anatazama kulia hamna mtu, anasubiri, wanamvamia wawili. Beki anapofika winga wao kashamfuata, beki wao wa kushoto yupo mbele yake, basi anapiga krosi ilimradi kapiga, inagonga mguu wa mtu inakuwa ya kurusha. Mechi nzima hivyo.

Wiki ya nne nikageuza, panda mapema, mpira ukiwa bado kwa mabeki wa kati. Ikawa balaa zaidi. Tukafungwa magoli mawili ya kufanana kama mapacha: nane wa kulia ananyang'anywa, pasi moja ndefu nyuma ya namba mbili, winga wao anaenda peke yake. Nilipima uwanja wetu kwa hatua, upana ni kama mita 60, na nane wetu anaposimama mpaka laini ya pembeni ni kama mita 20. Mpira unazikata hizo mita kwa sekunde moja na kidogo, mtu anataka sekunde tatu, tena akiwa hajachoka. Hapo hata ukimfokea nane vipi hawezi kufika, na mimi nilimfokea bure, nimemwomba msamaha.

Kilichonifungua macho ni sehemu ya kuweka simu. Mwanzo dogo mmoja alikuwa anarekodi amesimama pembeni ya uwanja, na ukirekodi hivyo upana huuoni kabisa, watu wote wanaonekana wamepangana mstari mmoja. Sasa hivi tunaifunga simu kwenye nondo ya ghorofa lililo nyuma ya goli, na kwa daimondi hiyo ndo sehemu yenyewe kwasababu unaona uwazi kati ya mtu na mtu kutoka kushoto mpaka kulia. App za ubao wa mbinu nimejaribu tatu na zote nimefuta, mchezaji anaangalia mshale unatembea halafu uwanjani hakumbuki kitu. Vizibo vya soda juu ya boksi vimenisaidia kuliko zote, maana anasogeza kizibo chake mwenyewe kwa mkono wake.

Basi nikawa nasimamisha video kila tukipoteza mpira, nahesabu wetu wangapi wapo nyuma ya mpira. Magoli yote tuliyofungwa walikuwa wawili au watatu. Halafu nikarudia kila beki alipopanda vizuri, zilikuwa chache sana, nikagundua zote zinafanana: sita wetu alikuwa anatazama goli lao na mpira upo njiani unamfuata. Mpira kuwa mbele au nyuma sio hoja kumbe, hoja ni anayekuja kuupiga anatazama wapi. Sita akiwa ametazama mbele hanyang'anywi kirahisi na anaweza kupiga ndefu kwa mguso wa kwanza au wa pili.

Sheria ikawa moja. Mpira ukiwa njiani kwenda kwa sita aliyetazama mbele, beki wa upande ULE MWINGINE anaanza kukimbia. Beki wa upande uliotoka mpira anaingia ndani anakuwa wa tatu na mabeki wa kati. Nane wa upande anaopanda beki haendi mbele naye, anashuka kukaa pale beki alipotoka. Kwahiyo tukipoteza tuna mabeki watatu, sita, na nane mmoja. Watano.

Goli la jana sasa. Tumecheza kushoto kwa makusudi, namba tatu kwa nane wa kushoto, nane kwa kumi, kumi karudisha kwa nane, timu yao yote imehamia huko. Nane akampa sita. Hapo mpira haujafika namba mbili keshaondoka! Winga wao wa kushoto alikuwa amebana ndani kusaidia viungo, akachelewa kumwona. Beki wao wa kushoto naye amebanwa na straika wetu wa kulia, akitoka anamwacha straika, asipotoka namba mbili yupo huru. Akasitasita. Sita akapiga ndefu ya mita 35 hivi, namba mbili akaikuta mbele yake, mguso mmoja, majalo ya chini, straika wa pili kamalizia nguzo ya mbali. Nilikimbia mpaka katikati ya uwanja refa akanirudisha.

Nimefurahi ila sijalewa, kwasababu usiku nilirudia fainali ya Istanbul ya 2005, Milan na Liverpool. Milan ya Ancelotti ndo daimondi iliyonifanya niupende huu mfumo, Pirlo chini, Gattuso na Seedorf pembeni yake, Kaká juu, halafu Cafu kulia na miaka yake 34 anapanda na kushuka kama kijana. Mapumziko Milan wanaongoza 3-0. Benítez, kocha wa Liverpool, akamtoa beki Finnan akamwingiza Hamann, nyuma wakabaki watatu, pembeni wakakaa Riise na Šmicer, na katikati Gerrard akapata uhuru wa kupanda. Sasa viungo wa Milan wabane katikati au watoke pembeni? Goli la kwanza la Liverpool dakika ya 54, Riise anapiga krosi kutoka kushoto, Cafu anaizuia, mpira unamrudia Riise mwenyewe, anapiga tena, kichwa cha Gerrard. Simamisha hapo kwenye krosi ya pili utaona Cafu yuko peke yake na Riise. Ndani ya dakika sita ikawa 3-3.

Timu ikitujia na mabeki watatu na watu wawili wa kudumu pembeni, sheria yangu inapwaya, kwasababu yule wa pembeni yao habani ndani, anakaa kwenye laini anamsubiri beki wetu. Nilipanga wiki hii tufanye kazi hiyo tu, nane ajifunze kutoka na sita ateleze kuziba.

Lakini jana jioni nimepata wazo lingine. Tuna winga wa kushoto anayekaa benchi toka tuanze daimondi, maana nafasi yake haipo, na kanuna kweli. Milan hao hao walimchukua Jankulovski, alikuwa kiungo wa pembeni kushoto, wakamfanya beki, na fainali ya 2007 kule Athens alianza namba tatu. Dogo wetu ana mbio, ana mguu wa kushoto, na kupokea akiwa anakimbia hafundishwi. Kukaba hajui, ila beki wa upande ule akibaki nyuma anakuwa wa tatu karibu na mwenzake wa kati, sio peke yake. Nimeshampigia, jumanne anaanza namba tatu mazoezini, vile vizibo vya Istanbul vitangoja.